Kukagua sampuli ya kamusi

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea mswada wa kamusi yake, vidahizo 3,000, akisema prufu ameshaisoma yote. Je, isomwe tena? Tulivipa vidahizo nambari, kompyuta ikatuchagulia 60 kwa bahati nasibu. Kufunuafunua kwa mkono hakufai, maana kitabu hupenda kufungukia katikati.

Hatukuona kosa. Kijana akatabasamu, nikamwambia, ngoja kwanza. Sifuri katika 60 si sifuri katika 3,000. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: usipoona kosa, gawa 3 kwa idadi uliyokagua. Hapo unapata asilimia 5, yaani, kwa uhakika wa asilimia 95, vidahizo vibovu havizidi 150. Kwa kamusi, 150 ni vingi mno! Ili kiwango kishuke hadi asilimia 1, lazima ukague 300 bila kuona kosa.

Tukaongeza 240. Manne yakajitokeza, yote ya aina moja: majina ya miti yamepewa wingi wa watu, "mnazi" ukawa "wanazi". Yangekuwa ya kila namna, angerudia kamusi nzima. Kwa kuwa chanzo ni kimoja, sasa anasoma upya herufi M, kisha tutachota sampuli nyingine katika zilizobaki.