Notisi ya Kuvunja Mkataba wa Ulinzi

Chukua shule inayotaka kuachana na kampuni ya ulinzi. Mkataba unadai notisi ya maandishi ya siku 30, na ugomvi mwingi huzuka hapo kwenye hesabu. Tuseme kifungu kinahesabu kuanzia siku inayofuata kupokelewa kwa barua. Barua imeandikwa Mei 28, ikapokelewa Juni 3. Basi siku ya mwisho ni Julai 3, si Juni 27. Kwa hiyo mpokeaji asaini nakala, aandike tarehe na agonge muhuri. Bila hivyo shule itakosa ushahidi.

Barua itaje namba ya kifungu na siku ya mwisho yenyewe. Sababu haihitajiki kama mkataba hauidai, na kwa maoni yangu lawama zikae nje: zinakaribisha mabishano.

Kisha makabidhiano. Barua iombe funguo zote, kitabu cha matukio na orodha ya vifaa, vikaguliwe na pande zote mbili na kusainiwa. Walinzi wapya waingie kabla wa zamani hawajaondoka, lindo lisibaki tupu usiku. Ankara ya mwisho ihesabu siku tatu tu za Julai.