Maswali ya Muziki Yaliyotoka katika Karatasi za Mwanafunzi

Binti mmoja aliyekuwa akijifunza kinanda alikuja kwangu na karatasi zake za masomo, zimefungwa kwa uzi. Mtihani wake wa nadharia ya muziki ulikuwa umebakiza majuma matatu, naye akaomba nimtungie maswali ya kujizoeza. Akasema, "Mwalimu, nafasi za sauti nazijua. Kinachonishinda ni alama za ufunguo tu." Nilizisoma karatasi zile jioni, nikaona kwamba mambo hayo mawili aliyoyatenga, kwa kweli ni jambo moja.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nafasi ni umbali ulioko baina ya sauti mbili. Twaihesabu kwa herufi za sauti, tena twahesabu herufi ya kwanza na ya mwisho pia. Kutoka C hata E ni nafasi ya tatu, maana herufi ni C, D, E. Aanzaye kuhesabu kwenye D atapata mbili, naye atakosa. Ni kama mgeni aliyeingia Jumatatu akaondoka Jumatano: twasema alikuwapo siku tatu.

Lakini hesabu ya herufi haitoshi. C hata E ni nafasi ya tatu, na D hata F ni ya tatu vilevile. Walakini ukihesabu vibao vyote vya kinanda, vyeupe na vyeusi, utaona ya kwanza ina nusu hatua 4, na ya pili ina 3. Kwa hiyo ya kwanza huitwa kubwa, na ya pili huitwa ndogo. Nafasi ya nne na ya tano haziitwi kubwa wala ndogo, bali kamili. Ikizidi kamili kwa nusu hatua, huitwa iliyoongezwa; ikipungua kwa nusu hatua, huitwa iliyopunguzwa.

Sasa tazameni karatasi ya tatu ya binti yule. Palikuwa na nafasi saba za nne, zote za vibao vyeupe: C–F, D–G, E–A, F–B, G–C, A–D, B–E. Naye kila moja ameiandika "kamili". Aliyemsahihishia alikata F–B kwa wino mwekundu, akampa alama 6 katika 7. Binti akafurahi, akaendelea na somo jingine.

Alama zile sita zilimdanganya. Katika nafasi hizo saba, sita ni kamili kwa kweli. Basi hata mtu asiyejua neno lo lote la muziki, akiandika "kamili" mara saba, atapata 6. Swali moja tu ndilo lililompima, nalo ndilo alilokosa. Nami nilipotazama karatasi zilizofuata, niliona amekosa F–B mara mbili tena, na kila mara kosa lilifichwa na majibu mema yaliyolizunguka.

Kwa nini F–B si kamili? Hapa ndipo inapoingia ngazi, ile ninyi mnayoiimba do, re, mi, fa, so, la, ti, do. (Zamani sauti ya saba iliitwa si, mwalimu wa Kiingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeigeuza kuwa ti, ili isichanganyike na so inapoandikwa kwa herufi moja.) Katika ngazi hiyo hatua zote ni nzima, ila mbili ni nusu: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Katika vibao vyeupe nusu hatua zimo mahali pawili tu, E–F na B–C. Ukianza do kwenye C zinaangukia mahali pake penyewe. Lakini ifanye F kuwa do: F hata G ni hatua nzima, G hata A ni nzima, nawe umefika mi. Sasa wataka nusu hatua, na kumbe A hata B ni nzima! Basi huna budi kuishusha B kwa nusu hatua, iwe B flati. Ndiyo maana ufunguo wa F una flati moja mwanzoni mwa mistari.

Kwa hiyo fa ya F ni B flati, na F hata B flati ndiyo nafasi ya nne iliyo kamili. B isiyoshushwa imezidi kwa nusu hatua. Nafasi yake ni ya nne iliyoongezwa. Njia ni hii kwa kila nafasi: ifanye sauti ya chini kuwa do, kumbuka alama za ufunguo wake, kisha uulize kama sauti ya juu imo katika ngazi hiyo. Asiyekumbuka alama za ufunguo hawezi kujibu, ila kwa kubahatisha.

Nikamtungia binti maswali, nikaacha zile sita nyepesi. Niliandika F–B flati na F–B pamoja, kisha B flati–E, E flati–A, na F shapu–B. Hili la mwisho liliwekwa kwa makusudi, maana aonaye shapu hudhani nafasi imeongezwa. Lakini shapu iko chini: sauti ya chini ikipanda, nafasi hupungua, na ile F–B iliyozidi hurudi kuwa kamili.

Nikaongeza F–C flati. Kwenye kinanda C flati na B ni kibao kimoja, wala sikio halitaona tofauti. Lakini herufi ni F, G, A, B, C, zote tano. Basi ni nafasi ya tano, na kwa kuwa C imeshushwa, ni iliyopunguzwa. Mtahini husoma herufi, hasikilizi.

Katika alama za ufunguo nako palikuwa na kosa moja lililorudi. Ameona shapu tatu, F, C na G, akaandika "ufunguo wa G", kwa kuwa G ndiyo ya mwisho. Shapu ya mwisho si do, ni ti. Panda nusu hatua, utaikuta do, nayo ni A. Kwa flati, ya mwisho ni fa. Ukiona B na E zimeshushwa, E flati ni fa. Shuka mi ni D, re ni C, do ni B flati.

Maswali haya niliyaandika kwenye vipande vya karatasi, swali upande mmoja, na upande wa pili si jibu tu bali na sababu yake. Nilimwambia avichanganye kila siku, maana vikipangwa vilevile atakariri mpango wake, asiijue nafasi.

Siku ya tisa alikuja, nikamfunulia E flati–A. Akafungua kinywa kusema "kamili", akanyamaza. Akachukua kalamu, akaandika pembeni flati tatu za ufunguo wa E flati: B, E, A. Akaitazama ile A ya tatu, kisha akaitazama A ya swali, ambayo haikuwa na flati. Akasema, "Mwalimu, hii imezidi."