Zamu au foleni: kazi tatu mbele ya prosesa moja

Prosesa yenye kiini kimoja hufanya kazi moja tu kwa wakati. Programu kadhaa zinapoihitaji, mfumo endeshi ndio unaoamua ipi itangulie. Njia moja ni foleni ya kawaida: aliyewahi kufika huhudumiwa mpaka amalize. Nyingine ni zamu za mzunguko, ambapo kila kazi hupewa kipande cha muda, na isipomaliza hurudi mwisho wa foleni. Njia hizi hulinganishwa vizuri kwa chati ya Gantt, mstari wa muda unaoonyesha nani yuko kwenye prosesa na kuanzia lini.

Kuna kazi tatu. A inafika wakati 0 na inahitaji milisekunde 8. B inafika 1, inahitaji 4. C inafika 2, inahitaji 2. Kipande cha zamu ni milisekunde 3. Chati ya juu ni ya foleni, ya chini ni ya zamu:

```
|A                      |B          |C    |
0                       8           12    14

|A       |B       |C    |A       |B |A    |
0        3        6     8        11 12    14
```

Muda wa kungoja hupatikana kwa kuchukua wakati kazi ilipomalizika, kisha kutoa wakati ilipofika na muda iliohitaji. Kwenye foleni, A haingoji, B inangoja 7 na C inangoja 10. Kwenye zamu, A inangoja 6, B 7 na C 4. Jumla ni 17 pande zote mbili, kwa hiyo wastani ni ule ule: karibu 5.7. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba njia hizi zinalingana, na hapo ndipo wanapokosea.

Chati zenyewe zinasema vingine. Kwenye foleni, C, kazi fupi kuliko zote, inaanza kuhudumiwa wakati 12, yaani milisekunde 10 baada ya kufika. Kwenye zamu inaanza wakati 6 na kumaliza wakati 8. Gharama inabebwa na A, inayomaliza wakati 14 badala ya 8.

Gharama nyingine haionekani kwenye chati. Foleni ilibadilisha kazi mara 2, zamu mara 5, na kila badiliko lina muda wake, kwa sababu mfumo lazima uhifadhi hali ya kazi inayotoka na kurejesha ya ile inayoingia. Kipande kikiwa kidogo mno, prosesa hupoteza muda mwingi katika kubadilisha tu. Kikifika 8, kila kazi humaliza kwa zamu moja na chati ya pili inakuwa sawa na ya kwanza.

Mahali penye mtumiaji anayesubiri jibu kwenye skrini, zamu ndiyo inayofaa. Kwa kazi ndefu zinazoendeshwa usiku bila mtu kuzingoja, foleni inatosha.