Je, Wajua? Shukrani ya mstari mmoja kwa jirani aliyekuuguza

Tuseme umelala na malaria mtaani Kirumba, Mwanza. Jirani anakupikia uji, anakuchotea maji, usiku anakaa kando ya kitanda. Ukipona unamwandikia: “Mama Neema, asante sana kwa kuniuguza, Mungu akulipe.”

Neno “kuniuguza” limebeba usiku mzima ule. Kiingereza cha kawaida hulitandaza kwa maneno mengi: kunitunza nilipokuwa mgonjwa. Na “Mungu akulipe” isitafsiriwe neno kwa neno, maana itasikika kama habari ya deni. Mwingereza huiweka kama “Mungu akubariki”. Hapo joto la maneno hubaki.

Ukitoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kazi ni ngumu zaidi. Kiingereza sanifu hutumia neno lile lile, “you”, kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, hivyo mfasiri lazima aulize nani alisaidia. Kama ni mama pekee, ni “asante, uliniuguza”. Kama yeye na binti zake walipokezana zamu, ni “asanteni, mliniuguza”; ukikosea hapa, umewasahau mabinti.

Tena, aliyepita mlangoni kukusalimu hakukuuguza. Huyo mwandikie “asante kwa kuja kunijulia hali”.

Na kama jirani ni Msukuma, kama walivyo wengi Mwanza, anza na “wabeja”, yaani asante kwa Kisukuma, kisha endelea kwa Kiswahili.