Kutoka Mhadhara hadi Mchoro wa Matabaka

Jioni moja hapa Richardson tulikaa wanachama watatu na maandishi yetu ya mhadhara wa mitandao ya kompyuta. Itifaki zilikuwa zimechanganyika kama mitumba kwenye turubai. Tukaamua kuzipanga kwa kufuata safari moja tu, ya kufungua ukurasa wa tovuti. Mchoro ukatoka hivi, kuanzia juu:

Matumizi: HTTP, DNS (ujumbe)
Usafirishaji: TCP (segmenti), UDP (datagramu)
Mtandao: IP (pakiti)
Kiungo: Etheneti (fremu)
Waya: ishara za umeme (biti)

Kila tabaka hufunga kilichotoka juu yake. Tuchukue baiti 1,460 za ukurasa huo. TCP huongeza kichwa cha baiti 20, na IP ya toleo la 4 baiti 20 nyingine. Jumla ni 1,500, kikomo cha kawaida cha mzigo wa Etheneti. Fremu nayo huongeza baiti 14 mbele na 4 nyuma za kukagua makosa, ikafika 1,518.

Tulibishana kuhusu DNS. Mwenzetu aliiweka penye IP kwa kuwa hutafuta anwani za IP. Tukajiuliza: imebebwa na nani? Kwa kawaida hubebwa na UDP, basi iko juu yake.

Kwa swali hilohilo, ARP hubebwa na fremu moja kwa moja, bila kichwa cha IP. Tukaiandika mpakani, kati ya kiungo na mtandao. Ndiyo maana haivuki ruta.