Mgonjwa wa Kichwa Aliyekuwa na Sonona

Sonona mara nyingi huingia zahanati kwa jina la ugonjwa mwingine. Mgonjwa hasemi kwamba ana huzuni. Anasema kichwa kinamgonga, mwili unawaka moto, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi na utabibu hufundishwa ugonjwa huu kwa visa, na kisa kinachofuata kimetungwa kwa ajili hiyo.

Mama wa miaka 43, mkaanga samaki katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, amefika zahanati mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara mbili za kwanza alipimwa malaria, hakukutwa na vimelea, akapewa dawa ya maumivu akarudi kwake. Mara ya tatu anapokelewa na nesi mwanafunzi, binti wa miaka 22. Anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anaulizwa habari. "Nzuri tu," anajibu, ingawa ameinama, anaongea polepole, na kanga yake ina madoa ya mafuta ya siku nyingi. Mama huyu hajadanganya. Adabu ya salamu inataka mtu aseme nzuri kwanza, hata kama anaumwa. Nesi anayeandika "hali nzuri" kwenye kadi ameandika salamu tu, hali ya mgonjwa bado hajaiuliza.

Binti huyu haandiki. Anasogeza kiti, anakaa, anauliza jambo moja dogo: "Pole mama. Usingizi unakuwaje?"

"Nalala saa nne. Saa tisa niko macho mpaka alfajiri."

"Ukiamka hiyo saa tisa, unakuwa unawaza nini?"

Mama ananyamaza. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu. Ukimya unawatisha, wanakimbilia kuujaza: "Usijali mama, Mungu yupo, kila mtu ana shida zake." Maneno hayo yana nafasi yake msibani na kwa jirani, ila katika chumba cha matibabu yanamwambia mgonjwa kwamba mazungumzo yamekwisha. Wengine huuliza, "Kwa nini hukumwambia mumeo?" Swali la kwa nini, likiulizwa na mtu aliyevaa sare, husikika kama lawama, na mgonjwa huanza kujitetea badala ya kueleza. Ushauri wa haraka nao, kama vile kumtaka atafute biashara nyingine, humfanya aone kwamba hajasikilizwa.

Katika kisa hiki nesi anasubiri. Baada ya muda mama anasema, "Nimechoka tu, mwanangu. Siku hizi hata samaki wananiungulia."

"Umechoka…"

"Nimechoka na kila kitu. Mtaji umekatika, deni la kikoba liko palepale, watoto wananiangalia mimi."

"Kwa hiyo unajiona umekuwa mzigo kwao?"

"Si mzigo. Naona nimewaangusha."

Mbinu tatu zimetumika hapo: kunyamaza, kurudia neno la mgonjwa, na kusema kwa maneno mengine kile kilichosikika. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi, hasa pale msikilizaji anapokosea. Nesi alidhani mama anajiona mzigo, mama akamsahihisha, na katika kusahihisha akataja kujilaumu, ambako ni dalili mojawapo ya sonona.

Sasa dodoso linaweza kuletwa. Linalotumika sana ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001. Tafsiri zake za Kiswahili zimejaribiwa Kenya na Tanzania. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Mama huyu anapata 2 kwa kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, 2 kwa huzuni, 3 kwa usingizi, 3 kwa uchovu, 2 kwa kukosa hamu ya chakula, 2 kwa kujilaumu, 1 kwa kushindwa kutuliza akili, 1 kwa ulegevu wa mwili, na 1 kwa swali la tisa linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jumla ni 17. Alama 10 na kuendelea huashiria kwamba huenda sonona ipo na uchunguzi kamili unahitajika. 15 hadi 19 huhesabiwa kuwa hali inayokaribia ukali.

Ile alama moja ya swali la tisa inastahili uzito kuliko jumla yote. Siku chache tu za mawazo hayo zinamlazimu nesi aulize zaidi, na aulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga namna? Kuna kitu cha kukudhuru karibu nawe? Nini kimekuzuia mpaka leo?" Wapo wanaohofu kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na wagonjwa wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Mama anasema huwa anatamani alale asiamke, hana mpango, watoto ndio wanaomzuia. Kama angekuwa na mpango, asingeachwa peke yake hata kwa dakika chache, vitu vya hatari vingeondolewa, na angepelekwa hospitali siku hiyohiyo akiwa na ndugu.

Kabla ya dawa, tabibu huangalia upungufu wa damu, tezi ya shingo na ulevi, kwa kuwa vyote huweza kuleta uchovu na huzuni. Huuliza pia kama mgonjwa amewahi kuwa na siku nyingi mfululizo za furaha iliyopitiliza, maneno mengi na usingizi mdogo bila kuchoka. Aliyewahi kupata hali hiyo, dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kuirudisha. Kwa mtu mzima asiye na historia hiyo, fluoksetini huanzwa kwa kawaida kwa miligramu 20 kwa siku, pamoja na mazungumzo ya tiba. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Asipoelezwa hivyo, mgonjwa ataacha dawa wiki ya kwanza akidhani haifanyi kazi.

Zoezi la darasani hufanywa na wanafunzi watatu kwa dakika kumi. Mmoja anakuwa mama, mwingine nesi, wa tatu anaandika kila swali na kuweka alama penye maswali ya ndiyo au hapana, penye ushauri na penye ukimya uliokatizwa. Kisha wanabadilishana nafasi. Wengi hushtuka kuona jinsi walivyozungumza kuliko mgonjwa.

Baada ya hapo huja maswali. Mama akisema "watoto wangekuwa na raha zaidi bila mimi," ni jibu gani linafaa: kumwambia watoto wanampenda, au kumuuliza anamaanisha nini? La pili, kwa sababu kauli hiyo inaweza kuwa wazo la kujiua lililofunikwa. Kwa nini alama 17 peke yake haitoshi kusema ana sonona? Kwa sababu dodoso huchuja tu. Ugonjwa huthibitishwa kwa mahojiano na kwa kuangalia sababu nyingine. Na je, nesi aahidi kutomwambia mtu yeyote? Hapana. Siri hutunzwa, ila maisha yakiwa hatarini wahusika wa tiba lazima wajue, na mgonjwa huelezwa hivyo mapema. Mwanafunzi aliyejumlisha 17 sawasawa lakini akaishia hapo bila kuuliza zaidi kuhusu swali la tisa hajafaulu kisa hiki.