Spoki ya baiskeli na uga wa sumaku wa Nairobi

Fundi wa baiskeli anayefanya kazi Ziwani, kando ya Kariokor, hupindua baiskeli ikakaa juu ya kiti na usukani, kisha hulizungusha gurudumu kutazama kama rimu imepinda. Wakati huo kila spoki ni fimbo ya metali inayozunguka kwa ncha moja ndani ya uga wa sumaku wa dunia. Kwa hivyo kati ya kitovu cha gurudumu na rimu kuna volti, ndogo mno, na inahesabika.

Ndani ya spoki mna elektroni zinazoweza kutembea. Spoki inapokata uga, elektroni hizo husukumwa kuelekea ncha moja, nayo ncha nyingine hubaki na chaji chanya. Msukumo huo hutegemea kasi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: wanachukua kasi ya rimu na kuipa spoki nzima. Lakini karibu na kitovu metali haisongi hata kidogo, na kasi huongezeka sawasawa hadi kwenye rimu. Kasi ya wastani basi ni nusu ya ile ya rimu, na nusu hiyo ndiyo inayoonekana katika kanuni:

E = ½BωL²

B ni uga unaopita sambamba na ekseli, ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde, na L ni urefu wa spoki. Mimi hupenda zaidi njia ya eneo, kwa kuwa haimwachi mtu asahau nusu. Katika mzunguko mmoja spoki hufagia duara zima, πL². Zidisha eneo hilo kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde, kisha kwa B, na jibu ni lilelile.

Sasa tuhesabu. Spoki ina urefu wa mita 0.3, na gurudumu linazunguka mara 5 kwa sekunde. Duara moja lina eneo la mita za mraba 0.283, hivyo kila sekunde spoki hufagia mita za mraba 1.41. Inabaki B, nayo inategemea mahali ulipo na jinsi ulivyoliweka gurudumu.

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hulilaza gurudumu, kwa sababu kule uga wa dunia huingia ardhini kwa mwinamo mkali. Mjini London sehemu yake ya wima ni takriban mikrotesla 45. Nairobi iko karibu na ikweta ya sumaku. Hapa sehemu ya wima ni kama mikrotesla 15 tu, tena inaelekea juu, ilhali sehemu ya mlalo inayoelekea kaskazini ni kama 30. Gurudumu lililolazwa Ziwani litatoa mikrovolti 21. Lisimamishe, ekseli ielekee kaskazini na kusini, upate 42. Geuza baiskeli ekseli ielekee mashariki na magharibi, na volti inakaribia sufuri, hata fundi alizungushe kwa nguvu kiasi gani.

Wingi wa spoki hauongezi kitu. Zote zinaanzia kitovuni na kuishia kwenye rimu, kwa hiyo zimeungwa sambamba: spoki 36 zina volti ya spoki moja.

Kupima ndiko kugumu. Multimita ya bei nafuu, kwenye kipimo chake cha milivolti 200, huhesabu kwa hatua za mikrovolti 100, kwa hiyo itaonyesha sufuri. Unahitaji chombo chenye kikuza volti, waya mmoja ukigusa ekseli na mwingine ukiteleza kwenye rimu. Waya hizo lazima zitulie. Ukizifunga kwenye gurudumu zizunguke nalo pamoja na mita, hakuna eneo linalofagiwa kati ya waya na spoki, na mita itasoma sufuri.

Tatizo kubwa zaidi ni msuguano. Waya wa shaba ukiteleza kwenye rimu ya alumini hupata joto, na mahali metali mbili tofauti zinapogusana joto huzaa volti yake, ambayo inaweza kufikia mikrovolti kadhaa au zaidi. Ili kuitenga, zungusha gurudumu upande mmoja, andika usomaji, kisha lizungushe upande wa pili kwa kasi ileile. Volti ya joto haibadilishi alama, lakini ya sumaku hubadilika: sehemu ya juu ya gurudumu ikisonga kuelekea mashariki, rimu huwa chanya, ikisonga magharibi, huwa hasi. Toa usomaji mmoja kutoka kwa mwingine, gawanya kwa mbili, na kinachobaki ni volti ya spoki.

Mwalimu anayetaka kulifanya jaribio hili na wanafunzi wake aanze na dira, na katika daftari aandike ekseli ilielekea wapi kabla ya kuandika volti yoyote. Bila mwelekeo huo, mikrovolti 42 na sufuri zote zinaweza kuwa majibu sahihi ya gurudumu lilelile.